Mjumbe wa Mkolani na Wakala wa Maskati

Watu wa Mkolani walimchagua Wilhelmina kuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu moja tu: yule mama hasahau. Ukivunja bakuli lake kwenye msiba wa mwaka tisini, mwaka tisini na saba bado anakuuliza hali ya bakuli. Mtu wa namna hiyo anafaa sana kwenye mambo ya mipaka ya viwanja. Ila ukimkosea yeye mwenyewe, pole yako.

Na alikuwa amekosewa. Binti yake Gladness, alipokuwa anakaa Buswelu kwa shangazi yake, alishawishiwa na wakala mmoja aende Maskati. Aliambiwa kiwanda cha kushona nguo, mashine za umeme, bweni lenye feni. Kufika, akapelekwa kwenye nyumba yenye watoto saba na bibi asiyeona, akavuliwa viatu mlangoni, akapewa ndoo. Akarudi baada ya miezi kumi na sita, mkono wa kulia umekunjamana kwa mafuta ya moto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Wilhelmina alikwenda polisi. Askari akamuuliza, "Mkataba uko wapi?" Alibaki nao mwajiri. "Na huyo wakala aliandika wapi jina lake?" Hakuandika popote. "Sasa mama, nimshike kwa lipi? Kwa sura?" Akaenda Buswelu, akakuta chumba cha wakala kina mpangaji mwingine, tena anafuga kuku ndani.

Akarudi nyumbani. Hakulia, hakumpigia mtu kelele. Alimuuliza binti yake jina la yule wakala, mara moja, basi. Obedi Nkwabi.

Miaka miwili ikapita. Jumanne moja asubuhi mama wa watu yuko uani anachagua mchele, akasikia hodi. Mwanamume wa makamo, shati la kung'aa, mkoba wa ngozi kwapani.

"Shikamoo mama mjumbe."

"Marahaba baba. Vuta kigoda."

"Mimi naitwa Obedi Nkwabi."

Mchele ukasimama kwenye ungo. Halafu ukaendelea.

Kilichomleta ni ustaarabu wa huku kwetu. Ukiuza mbuzi, mjumbe awepo. Ukigawa kiwanja, mjumbe agonge muhuri. Sasa jirani yake Wilhelmina, Kashindye, fundi baiskeli, alikuwa na binti anaitwa Dorotea, kamaliza darasa la saba mwaka wa tatu sasa, anatafuta kazi mpaka amechoka. Obedi alikuwa amempatia ya Maskati. Lakini Kashindye alikataa katakata kuweka dole gumba mpaka mjumbe ashuhudie. Kwa hiyo wakala, ambaye mji mzima wa Mwanza ungemficha, akaja kwa miguu yake mpaka uani pale.

"Kazi gani hiyo baba?"

"Kiwanda cha nguo, mama. Saa nane kwa siku, Ijumaa mapumziko. Riyali sabini kwa mwezi. Tiketi ya kwenda na kurudi juu ya kampuni."

"Mambo makubwa hayo! Gladness, mletee mgeni maji."

Gladness akatoka na bilauri. Alimtambua kabla hajamfikia, maana maji yalianza kumwagika. Obedi akaipokea bilauri kutoka kwenye ule mkono uliokunjamana, akanywa yote, akamrudishia.

"Ahsante dada. Mama, huyu ni wako? Sasa mbona unamficha? Nafasi bado ziko tatu."

Wilhelmina akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya khanga, na Obedi naye akacheka, kwa adabu.

"Huyu mvivu, baba. Kazi za mashine atakutia aibu. Niachie hizo karatasi, muhuri anakaa nao mume wangu, yuko Magu. Njoo Ijumaa."

Mume wake ana miaka kumi kaburini. Obedi hakuona tatizo. Karatasi zenyewe zilikuwa mbili, moja ya Kiswahili, nyingine ya Kiarabu ambako ndiko kulikokuwa na mistari ya sahihi, pamoja na nakala ya viza. Nani Mkolani atasoma Kiarabu? Akaaga, akaondoka anapiga mluzi.

Gladness alibaki amesimama na bilauri.

"Hakunijua, mama."

"Nimeona."

"Hata jina langu umeliita, hakushtuka."

"Atakujua," mama yake akasema. "Kaniletee kitambaa cha kichwa, naenda mjini."

Mjini, karibu na soko kuu, kuna duka la vitambaa la Hasham na mkewe Dilshad. Wilhelmina alikuwa mteja wao tangu enzi za kupanga foleni ya khanga. Dilshad alikulia Maskati kabla ya kuolewa Mwanza, na kaka yake bado yuko huko. Akavaa miwani, akasoma ile ya Kiarabu, mdomo unazidi kukaza.

"Mama Gladness, nani amekupa uchafu huu?"

"Nisomee tu, dada."

"Hakuna kiwanda hapa. Imeandikwa mtumishi wa nyumbani, na kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mwajiri. Mshahara riyali thelathini na tano. Miezi mitatu ya kwanza halipwi, wanakata tiketi. Paspoti anakaa nayo mwajiri. Akiondoka kabla ya miaka miwili, nauli juu yake."

"Saa za kazi?"

"Hazikuandikwa. Maana yake zote." Akachukua nakala ya viza. "Na hii ndiyo inamuumbua kabisa. Viza inataja kazi na mdhamini. Kazi, mtumishi wa ndani. Mdhamini ni mtu binafsi. Kiwanda kinachoajiri mtu, kinamdhamini chenyewe."

Hasham, aliyekuwa anapima kitambaa kwa mteja, akasema, "Huyo wa viza ni mtu. Hicho kiwanda chenyewe je, kipo? Piga simu kwa kaka yako, anwani si ipo hapo kwenye Kiswahili?"

Wakapiga. Kesho yake kaka mtu akajibu: alikwenda mwenyewe, kwenye anwani hiyo kuna ofisi ya chumba kimoja inayogawa watumishi wa ndani. Cherehani hata moja hakuna.

Mwenzangu, mtu mwingine hapo angerudi Mkolani kumwambia Kashindye, na mambo yakaisha. Wilhelmina alimfahamu Kashindye. Angemfukuza wakala kwa bomba la baiskeli, wakala angehama, na mwezi ujao angekuwa Sengerema anatafuta mabinti wengine. Tena kwa shati lile lile. Yeye alitaka kile alichonyimwa miaka miwili iliyopita: mkono wa Obedi juu ya karatasi.

Akaenda ofisi ya kazi ya mkoa. Afisa kazi, Bwana Mayala, alikuwa mtu mzito wa kunyanyuka kwenye kiti, lakini alipoziona karatasi akanyanyuka.

"Mkataba wa kazi ya nje unatakiwa upite mezani kwangu, mama. Mfanyakazi asomewe kwa lugha anayoielewa, ndipo nigonge. Huu sijauona. Na huyo bwana simjui kabisa."

"Utamjua Ijumaa. Njoo mapema, nitapika sato."

Ijumaa akaja, kavaa kofia ya pama, akatambulishwa kama mjomba wa Dorotea kutoka Misungwi. Sato alimmaliza kabla mgeni hajafika. Kashindye aliambiwa ukweli asubuhi hiyo hiyo, na Wilhelmina akamkalisha chini na kumshikisha baiskeli: kazi yake ilikuwa moja, akiona mjumbe anavua kitambaa cha kichwa, aondoke mbio kwenda polisi. Dorotea naye aliambiwa. Alilia sana, maana alikuwa ameshawaaga wenzake wote.

Obedi akaingia. Akakuta majirani wamejaa uani, akafurahi, akadhani ni wateja.

"Baba," Wilhelmina akasema, "muhuri umefika. Ila mimi sijui Kiarabu, na hawa wakija kuniuliza kesho nitasema nini? Nisaidie kitu kidogo. Andika hapa chini, kwa mkono wako, kwamba karatasi hizi mbili zinasema jambo moja."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu. Na jina, na sahihi. Na dole, maana sisi wa zamani tunaamini dole."

Akatoa kalamu yake mwenyewe. Akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Mimi Obedi Nkwabi nathibitisha kuwa mkataba wa Kiswahili na wa Kiarabu ni sawa. Akasaini. Akabonyeza kidole kwenye wino wa muhuri, akakiweka, akakipangusa kwenye kitambaa cha leso.

Wilhelmina akaipuliza karatasi ikauke. Akavua kitambaa cha kichwa.

Baiskeli ya Kashindye ikatoka kwenye uzio kama imetumwa na shetani. Mjomba wa Misungwi akavua kofia, akajitaja, akamsomea Obedi tafsiri ya Dilshad mstari kwa mstari mbele ya watu. Kila mstari uani kukawa na mguno. Kufika kwenye riyali thelathini na tano, Obedi akaangalia mlango wa uzio. Mlangoni walikuwa wamekaa wanawake sita, wanamenya mihogo kwa visu.

"Mama mjumbe, tuongee pembeni kama watu wazima."

"Tunaongea. Gladness, njoo. Mwambie jina lako lote, na mwambie ulipanda ndege lini."

Gladness akamwambia. Akakunja mkono wa gauni, akauweka ule mkono mbele ya pua yake. Obedi akautazama, na safari hii akamjua. Akaanza kusema kwamba na yeye alitumwa tu, kwamba mabosi wako Dar es Salaam, kwamba ana watoto.

"Polisi watakuja wakipata gari," Mayala akasema, "na gari likipata mafuta."

"Basi asikae bure," Wilhelmina akasema. Akamnyang'anya mkoba. Ndani mlikuwa na paspoti nne za mabinti, ya Dorotea ikiwa juu, na ya Obedi mwenyewe. Za mabinti akampa Mayala. Ya Obedi akaitia kifuani mwake. "Mwajiri ndiye anayekaa na paspoti, si ndivyo ilivyo? Vua viatu, baba. Sufuria zile pale."

Wakala akaangalia huku na huku, akidhani ni utani. Mama mmoja akasitisha kumenya. Obedi akavua viatu.

Sufuria zilikuwa kumi na moja, za shughuli nzima ya sato, masizi mpaka kwenye mishikio. Akachuchumaa na shati lake la kung'aa, akapewa jivu na mchanga. Alisugua jua linapanda, akasugua jua linakaa kichwani. Gladness alisimama juu yake. Akimaliza moja, Gladness anaigeuza polepole, anaitazama ndani, anaitazama nje, kisha anaiweka tena chini.

"Rudia."

Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tano hawakucheka tena. Hata Wilhelmina aliacha ungo akamtazama binti yake, kwa sababu sauti ile haikuwa ya Gladness, alikuwa ameitoa kwa mtu mwingine, huko mbali.

Saa tisa Landrova ikasimama nje, Kashindye na baiskeli yake wakiwa nyuma. Askari akaingia na pingu mkononi, akasomewa yale maandishi yenye dole, akatikisa kichwa.

"Ahaa. Hapo sasa kuna kitu cha kumshikia. Simama, bwana."

Obedi akanyanyuka upesi, mikono inachuruzika maji meusi, amefurahi kuliona jeshi la polisi kuliko mtu yeyote Mkolani.

"Samahani afande," Gladness akasema, akamwekea Obedi mkono begani, ule ule. "Subiri kidogo. Bado moja."