Sauti Niliyosifiwa

Siku yangu ya mwisho kazini, wenzangu waliniandalia chakula cha mchana Kericho, nyumbani kwetu, badala ya kule kando ya ziwa ambako niliongoza ndege kwa redio kwa miaka mingi. Walikuja na basi la kazi, wakiwa wamevaa suti, wakapanga viti kwenye ukumbi wa kanisa uliozungukwa na mashamba ya chai. Mkuu wetu alisimama akanitambulisha kwa maneno niliyoyatarajia. "Huyu mzee hajawahi kupandisha sauti. Kila kijana aliyepita chuoni kwetu amesikiliza ile kanda ya sauti yake akiwa kazini."

Wakapiga makofi. Nikasimama, na karatasi niliyoandika nikaiacha mfukoni.

Niliwaambia kwanza kwamba nilizaliwa hapo karibu, miaka ya thelathini, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakati mashamba mengi yalikuwa bado yanapandwa. Nilipokuwa na miaka sita hivi, nilimfuata mama shambani, na kati ya mistari ya chai nikasikia akiniita. Hakupiga kelele. Alisema, "Simama hapo hapo. Usiangalie chini." Nikasimama. "Sasa rudi nyuma hatua moja. Nyingine." Nilipomfikia ndipo alinionyesha nyoka, bafe mnene, amelala pale nilipokuwa nikienda kukanyaga. Mama alikaa chini, akanishika mkono, na hakuniachia hadi jioni.

"Sauti yake ilikuwa tulivu," niliwaambia, "lakini alinipa amri. Nilijua jambo hilo nikiwa na miaka sita. Nilipofika arobaini nilikuwa nimelisahau."

Kisha nikawaeleza habari ya ile kanda.

Ilikuwa alasiri, saa tisa na kitu, wakati ambapo mvua ya Kericho huanza kujikusanya. Rubani mmoja alikuwa peke yake katika ndege ndogo ya injini moja, akitoka Nairobi kuja kwetu kando ya ziwa. Hakuwa na ruhusa ya kuruka ndani ya mawingu, yaani alipaswa kuona ardhi wakati wote. Hatukuwa na rada. Nilichokuwa nacho ni redio, saa ya ukutani, na vipande vya karatasi ambavyo kila kimoja kilikuwa ndege moja: wapi ilipita, futi ngapi, itafika saa ngapi. Picha ya anga ilikuwa kichwani mwangu tu.

Aliniita kwa redio akasema amepita Kedowa, mashariki ya Kericho, anafuata barabara, futi elfu nane, mawingu yanashuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia safari. Akauliza hali ya hewa kwetu. Nikamwambia kweli: kwetu kweupe, upepo kidogo.

Hapo ndipo uamuzi ulipokuwa. Ardhi ya huko yenyewe iko futi elfu saba juu ya bahari, na vilima vinapanda zaidi ya hapo. Wingu lilikuwa linamsukuma chini, na kilima hakisogei. Kupanda hakungemfaa, maana angeingia ndani ya wingu, ambamo hakuweza kuruka. Lakini dakika chache kabla, ndege kubwa iliyokuwa juu ya Nakuru iliniambia kwamba huko chini kunaonekana vizuri. Kwa hiyo nyuma yake kulikuwa na njia, na mbele hakukuwa na uhakika. Nililijua hilo. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulizungumza Kiingereza, kama kazi inavyotaka, lakini nilichosema ni hiki: "Nakuru inaripotiwa kuwa shwari, endapo utapenda kufikiria kurudi."

Akajibu, "Asante. Naona mwanya mbele, naendelea."

Nikasema, "Nimekupata. Niarifu ukiona ziwa."

Hayo ndiyo maneno yangu. Baada ya dakika nne nilimwita, kimya. Nikamwita tena. Nikaomba ile ndege kubwa imwite, maana yeye aliye juu husikika mbali zaidi. Kimya. Nikatangaza hali ya tahadhari, nikapiga simu polisi wa Kericho, na muda huo wote mkono wangu ukaendelea kuandika saa kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Asubuhi wachumaji walimkuta kwenye kilima, juu ya shamba la chai.

Wachunguzi walisikiliza kanda wakasema sina kosa. Uamuzi wa kuendelea ulikuwa wa rubani, na mimi nilimpa habari zote. Wakaongeza kwamba utulivu wangu ulikuwa wa mfano. Chuo kikaiomba ile kanda, na kwa miaka mingi nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza marehemu akinishukuru, huku mwalimu akisema, "Sikieni sauti hiyo."

Ukumbini hakuna aliyekuwa akila tena.

"Sauti tulivu haitoshi," nikawaambia. "Mtu aliye hatarini anasoma hali yake kutoka kwako. Mimi nilimwambia kwa sauti yangu kwamba hakuna shida, halafu kwa maneno yangu nikamwachia hiari. Ningesema: 'Geuka sasa. Rudi Nakuru. Mbele yako kuna vilima ndani ya wingu.' Maneno machache, jambo moja kwa wakati, usiongeze 'endapo utapenda.' Halafu nyamaza, mwache arushe ndege, kisha sikia kama anayarudia maneno yako. Asiporudia, sema tena vile vile. Hatuwezi kumshikia usukani. Lakini asikose kujua unachokijua wewe, wala uzito wake."

Niliwaambia pia kwamba miaka kadhaa baadaye rubani mwingine aliingia katika hali ileile, nami nikamwambia hivyo. Aligeuka, akatua Nakuru, akanipigia simu kwa hasira kuuliza ni nani aliyenipa mamlaka ya kumwamrisha. Nilifurahi kusikia hasira yake. Nilipoweka simu chini, nililia.

Jambo moja sikuwaambia. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekwenda kwa mjane wa yule rubani, mwalimu aliyekuwa bado akifundisha upande wa Bomet. Baada ya mazishi aliwahi kuniuliza swali moja tu: "Aliogopa?" Nami nilimjibu, "Hapana, Mwalimu, hakuogopa." Alishika jibu hilo miaka yote. Kila Krismasi alinitumia kadi.

Nilimweleza kila kitu, kama nilivyokuja kuwaeleza wenzangu. Nilimwambia kwamba ni kweli hakuogopa, na kwamba alipaswa kuogopa, na mimi ndiye niliyemzuia kuogopa.

Alimimina chai, akasahau kuweka sukari, akanipa kikombe.

"Mzee," akasema mwishowe, "ungeweza kukaa na siri hiyo."

"Kesho nitawaambia wengine. Sikutaka usikie kwa watu."

"Watoto wake wanajua baba yao alikufa ametulia. Sasa niwaambie nini?"

Nilikunywa ile chai, nikaaga, na hakunisindikiza hadi langoni kama alivyozoea.

Pale ukumbini, nilipomaliza, mkuu wetu alisema kanda ile itaondolewa chuoni. Nikamwomba isiondolewe. Ichezwe, lakini isimamishwe baada ya yale maneno yangu kuhusu Nakuru, na wanafunzi waulizwe wangesema nini. Akakubali. Tukapiga picha mbele ya kanisa, mvua ikaanza, na wenzangu wakakimbilia basi.

Desemba ile kadi haikuja.