Mikate ya Rangi ya Chungwa

Mtaani anaitwa Mama Mikate, na ukifika jikoni kwake asubuhi hutauliza kwa nini. Mikate yake midogo ina rangi ya chungwa na haina hata chembe ya sukari. Utamu wote ni wa viazi vitamu: vikipikwa polepole, wanga wake hugeuka sukari.

Siku hiyo wodi ya watoto ilikuwa ionje mikate yake. Wakiipenda, angekuwa mwokaji wao. Mtaalamu wa lishe wa hospitali aliichagua kwa ajili ya ile rangi, kwa kuwa mwili hutengeneza vitamini A kutokana nayo.

Sokoni Mama Mikate alimtuma shemeji yake, kaka wa mumewe, akanunue viazi vitamu. Akarudi na gunia la viazi vikuu, vinene kama paja, vyenye ganda gumu kama gome la mti.

"Shemeji, hivi ni nini?"

"Viazi. Tena nimekuonea huruma, ukimenya kimoja tu kinakutosha hadi jioni."

"Hivi na viazi vitamu hata ukoo si mmoja. Hivi mmea wake unapanda juu ya miti, vile vyangu mmea wake unatambaa chini."

"Kwani watoto watakula majani?"

Mama Mikate akamenya kimoja, mikono ikaanza kumwasha kwa utelezi wake. Alipokichemsha na kukiponda alipata ugali mweupe, mzito, usio na utamu wa kutaja. Wanga ulikuwepo wa kutosha. Rangi haikuwepo.

"Tia sukari na rangi ya keki," alisema shemeji. "Nani atajua?"

"Macho ya watoto yatajua. Rangi ya keki haina vitamini ya kuyasaidia kuona."

Alinawa mikono, akampigia simu mtaalamu wa lishe.

"Dada, mikate ya leo haipo. Nimeletewa viazi vikuu. Ni chakula kizuri, kinashibisha, ila si ulichokitaka. Nikikuletea kwa jina la mkate ule nitakuwa nakudanganya."

Shemeji alijifanya anakagua gunia.

"Wengi wangeniletea tu," alisema mtaalamu. "Hivyo vikuu vipike vizuri, uwaletee wauguzi mchana. Mikate ya watoto niletee kesho. Nikiona rangi yake, tunaanza kazi."

"Utaiona. Naweka na mafuta kidogo kwenye unga, bila mafuta mwili hauifaidi vizuri."

"Hilo nilitaka kukuuliza."

Mama Mikate alikata simu, akamtupia shemeji kikapu.

"Twende sokoni wote. Na leo mimi ndiye ninayekata kiazi kuona ndani kabla ya kununua."

"Na mimi?"

"Wewe utabeba."

Kesho yake, kabla trei haijafika kitanda cha mwisho, mikate ilikuwa imekwisha, na mtaalamu akamuuliza Mama Mikate kama siku inayofuata anaweza kuongeza.

"Naweza," alijibu, na akaenda kupika viazi.