Chai ya Kisima cha Ng'ambo

Sekela Simbeye alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: hawezi kuiona namba ya uongo akanyamaza. Aliuokota mpakani Tunduma, alikofanya kazi miaka sita kwa wakala wa forodha, akijaza uzito wa malori yanayovuka kwenda Zambia. Pale ukikosea kilo, lori linalala foleni siku tatu, na dereva anakuja kusimama mlangoni kwako akiwa hana hata neno moja tamu. Kwa hiyo shirika dogo la maji la mjini hapo lilipomwajiri aandike ripoti na video za wafadhili, mkurugenzi wake, Zabron, alijiona ameula. Hakujua mtu huyo atakuja kumtoa jasho.

Mradi wenyewe ulikuwa Chilonda, kijiji cha bondeni Momba, ambako kiangazi mtu anakihesabu kwa nyufa za visigino. Shirika lilichimba visima virefu vitatu vya pampu ya mkono, kimoja kila kitongoji: Shuleni, Majengo, na Ng'ambo, upande wa pili wa mto unaokauka. Mwaka ulipotimia, wafadhili wakataka video ya dakika tano: nini kimebadilika, kwa namba za kweli na kwa sauti za wanakijiji wenyewe. Sekela akakaa kwenye kompyuta akaandika skripti kama inavyoandikwa, safu ya kushoto picha, safu ya kulia maneno. Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Leo kaya zote 153 za Chilonda zinakunywa maji safi ya kisima."

Namba hiyo hakuitoa kichwani. Mwezi uliotangulia alipita nyumba kwa nyumba na fomu, akiuliza, "Mnatumia kisima?" Nyumba zote mia moja hamsini na tatu zikajibu ndiyo. Wapo waliompa na karanga za njiani.

Siku ya kupiga picha walianzia Ng'ambo, yeye na Ipyana, mpigapicha kijana mwenye maneno mengi. Mwenyekiti wa kamati ya maji hapo alikuwa mzee Ndalahwa, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake zaidi ya miaka ishirini nyuma. Alivaa koti la harusi katika joto lile, akasimama kando ya pampu, akashukuru. Alimshukuru Mungu, wafadhili, mkurugenzi, Sekela, dereva, na kamera yenyewe.

"Mzee, umemaliza kweli?" Ipyana alimuuliza.

"Bado fundi aliyechimba," Ndalahwa akasema, akaendelea.

Mkewe, mama Leah, akasema wageni hawaondoki bila chai. Akachukua ndoo, akashika njia. Sekela alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, akimtazama tu, kichwa kikiwa kwenye picha zilizobaki. Mama Leah aliifikia pampu. Akaipita. Hakupunguza hata mwendo. Akateremka mtoni, akapotelea kwenye korongo, na alirudi baada ya nusu saa na ushee, ndoo kichwani, mchanga umemganda mpaka magotini.

Sekela aliinuka kwenye kigoda.

"Mama," akasema, "mbona umepita kisimani?"

"Ah, mwanangu, ya kisimani tunafulia. Na ng'ombe wanakunywa, na bustani. Tunakitumia sana." Mama Leah alicheka kidogo, akitafuta pa kuweka macho. "Lakini mgeni hapewi chai ya maji yale. Inakuwa nyeusi kama wino, na inanuka msumari. Sisi wenyewe tunakunywa ya mchangani, tunafukua."

"Na mwezi uliopita nilipowauliza mkasema ndiyo?"

"Uliuliza kama tunatumia. Hukuuliza kama tunakunywa. Halafu, mtu amekuletea zawadi mpaka mlangoni, utamwambia ina kasoro?"

Pale Sekela aliona kosa lake lote, wala hakuwa na wa kumlaumu. Aliuliza swali la mtu anayetaka kupongezwa, na watu wenye adabu wakampongeza. Alizaliwa Ibaba, milimani Ileje, ambako maji yanapita nyuma ya kila nyumba. Hakuwahi kujua kwamba maji yanaweza kuwepo na yasinyweke. Aliona aibu, na ile aibu ikageuka hasira, na hasira yake siku zote ilikuwa ya kazi.

"Ipyana, funga kamera. Leo hatupigi picha, tunahesabu."

Walilala Chilonda siku mbili. Safari hii aliitupa fomu, akabaki na swali moja tu: "Jana maji ya kunywa mliyateka wapi?" Hakuna adabu inayoweza kulidanganya swali la jana. Watu walinyoosha vidole, wakaonyesha mitungi, wakaleta vikombe. Shuleni, kaya 55 kati ya 58 zilikunywa ya kisima. Majengo, 43 kati ya 49. Ng'ambo, nne kati ya 46. Jumla 102 kati ya 153. Alihesabu tena mara tatu, kisha akapima na muda: Shuleni kwenda kuteka maji na kurudi kulipungua kutoka saa moja na dakika ishirini hadi dakika kumi na tano, lakini asubuhi, ukiweka na foleni, ni thelathini na tano. Hiyo nayo akaiandika.

Aliporudi ofisini alifukua faili la mradi. Cheti cha maabara kilikuwemo tangu siku kisima kilipochimbwa: maji ya Ng'ambo hayana vijidudu, ila chuma kimezidi kiwango. Kila mtu ofisini alisoma mstari wa vijidudu akafurahi, akafunga faili. Akampigia mhandisi wa maji wa wilaya, kule makao makuu Chitete, naye akamwambia bila kuzunguka kwamba kisima hakijafa. Mabomba ya chuma yanayoliwa na maji yatolewe, yawekwe ya plastiki, na pembeni ya pampu ujengwe mchujo: maji yarushwe hewani kwanza ili chuma kigande, kisha yapite kwenye kokoto na mchanga. Na wanakijiji wafundishwe kuosha ule mchanga, la sivyo utaziba.

Zabron aliisoma skripti mpya akasimama, akakaa, akasimama tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: vijiji viwili vingine vilikuwa vikisubiri visima, na wafadhili hao hao ndio walioombwa.

"Dada Sekela, hawa wanataka kuona maji, siyo kutu. Tusidanganye, sawa. Basi Ng'ambo tuiache. Tuonyeshe Shuleni na Majengo, basi."

"Tukiiacha, kaka, ndiyo tumeifunga. Kwenye orodha Ng'ambo ina kisima. Kitongoji chenye kisima hakuna mtu atakayekirudia, si sisi, si serikali. Mama Leah atafukua mchanga mpaka azeeke, na kwenye karatasi anakunywa maji safi."

"Na kama watakata msaada?"

"Watakata kwa kweli tuliyowaambia wenyewe. Mwakani wakija wakapewa chai pale, watakata kwa uongo." Akaiweka skripti mezani. "Sauti ni za watu wa Chilonda. Twende tuwasomee. Wakisema tuondoe, naondoa."

Hilo Zabron hakuweza kulikataa. Mwenye sauti ana haki ya kusikia itakavyotumika, yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika kwenye kanuni za shirika.

Wakakutana uani kwa Ndalahwa, watu kama thelathini. Sekela akasoma yote, safu ya kushoto na ya kulia. Alipofika "Ng'ambo, kaya nne kati ya arobaini na sita", minong'ono ikaanza. Ndalahwa akasimama.

"Mwanangu, unatuaibisha. Watu wa mbali wametukumbuka, sisi tunawarudishia lawama? Sisi hapa ni wa kuja. Kwa miaka yote hiyo tunasemwa, tunaambiwa ng'ombe wetu wamemaliza nchi. Leo tena tuitwe wasio na shukrani? Futa. Andika tunakunywa."

Zabron akamtazama Sekela, maana kazi ilikuwa imeisha. Sekela alikuwa ameahidi. Akashika kalamu, akaitafuta ile sentensi ya Ng'ambo.

"Ngoja kwanza," akasema mama Leah. "Mkurugenzi hajanywa chai."

Akaingia jikoni. Alikuja na vikombe viwili kwenye sinia, akaviweka mbele ya Zabron. Kimoja kilikuwa na chai nyekundu, ya kawaida. Kingine kilikuwa cheusi, na juu yake kimetanda utando unaong'aa. Ndalahwa akafunika uso kwa kiganja. Mkewe alikuwa amempa mgeni maji yale.

"Majani ni yale yale," mama Leah akasema. "Sukari ni moja. Kunywa, baba."

Zabron akanywa cheusi. Jambo moja la kumsifu: alimeza. Kisha akajifuta midomo kwa leso, na leso ikabaki na alama.

"Mume wangu," mama Leah akamgeukia Ndalahwa, bila ukali, "shukrani tumetoa mwaka mzima. Mimi magoti yangu hayawezi tena kushukuru."

Mzee alikaa. Baada ya muda akavuta lile koti la harusi, akafunga vifungo.

"Kijana," akamwambia Ipyana, "washa. Nitasema mwenyewe."

Akasimama kando ya pampu yake, akasema maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu: "Tunashukuru. Kisima kipo, tunafulia, ng'ombe wanakunywa. Maji yetu ya kunywa bado. Msituache njiani."

Zabron alituma video ile Ijumaa, ikiwa na 102 yake na nne yake na foleni yake ya dakika thelathini na tano. Wiki tatu hakulala vizuri. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: wafadhili waliomba makadirio ya mchujo, na wakauliza kama vijiji vile viwili vingine vitapimwa chuma kabla ya kuchimba. Visima vya vijiji hivyo viliahirishwa msimu mmoja. Zabron alilalamika mwezi mzima, lakini chuma akakipima.

Mchujo wa Ng'ambo ulikamilika kabla ya mvua. Sekela alikwenda na daftari lake, akakaa kwenye kigoda kile kile. Hakuuliza kitu. Alishajifunza kwamba akiuliza atajibiwa vizuri.

Mama Leah akasema wageni hawaondoki bila chai, akachukua ndoo, akashika njia. Sekela alimfuata kwa macho, roho juu, kidole kimeshika ukurasa. Mama Leah aliifikia pampu. Akatua ndoo.

Sekela bado hakuandika. Alingoja mpaka kikombe kilipowekwa mkononi mwake, akakiinamia, akaona chai nyekundu. Akanywa yote, moto hivyo hivyo, kisha ndipo akakata ile nne ya kaya za Ng'ambo akaandika tano.