Maji Safi ni Maji Gani

Miaka ile nilikuwa natafsiri na kuandika matangazo ya Kiswahili katika redio ndogo ya Bujumbura. Msimu mmoja wa mvua kipindupindu kilizuka Buterere, mtaa wa pembezoni mwa mji, na daktari mmoja wa wilaya ya afya akatuletea tangazo alilotaka lisomwe asubuhi na jioni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuvaa koti hata kwenye joto. Aliliandika kwa Kifaransa, kisha mtu akamgeuzia kwa Kiswahili hivi: “Jamii zinahimizwa kuimarisha mienendo stahiki ya usafi, kuzingatia matibabu ya maji katika ngazi ya kaya, na kutafuta huduma kwa wakati dalili zinapojitokeza.”

Nilisema, “Dogiteri, haya maneno yanapita juu ya vichwa.”

“Basi yashushe,” akanijibu, akaketi kusubiri.

Nilifurahi kupewa ruhusa. Kwa muda mfupi nikawa nimemaliza, nikamsomea kwa sauti ya studio: “Tuwe wasafi. Tunywe maji safi. Mtu akiumwa, awahi hospitali.” Niliona nimefanya kazi nzuri.

“Ni jepesi,” akasema. “Lakini langu lilikuwa na kitu ndani, hata kama kimefungwa. Lako halina kitu. Akiumwa nini? Jino?”

Nilicheka, kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimetoa maneno makubwa na kutupa pamoja nayo kile yalichokuwa yamebeba. Nikavuta kiti karibu naye. Tukaanza upya, neno moja moja, na kwa kila neno nikawa namwuliza swali moja tu: mtu akilitii hili, mikono yake itafanya nini?

“Matibabu ya maji?”

“Kuchemsha. Au kutia klorini.”

“Kuchemsha mpaka lini?”

“Mpaka yatokote kwa nguvu, siyo yaanze tu kutoa mvuke.”

Nikaandika. Kwenye klorini nilitaka kusema tembe moja kwa kidumu, maana inatamkika vizuri. Akanizuia. Tembe hazifanani nguvu, akaeleza, na kusema “moja” ni kumdanganya mtu mwenye zile dhaifu. Tukaweka: tia kiasi kile muuguzi atakachokuonyesha, ngoja nusu saa, ndipo unywe. Sentensi ilirefuka, nikaiacha irefuke.

“Dalili zinapojitokeza” ilituchukua muda zaidi. Daktari alieleza kuhara kwa ghafla, kwingi, na rangi yake. Nikamwambia watu wa Buterere wanalima mpunga. Maji yaliyooshewa mchele wanayajua. Akatazama dirishani, kisha akasema ndivyo hata vitabu vyao vinavyoeleza. Tukaandika: “Ukihara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, na njiani uendelee kunywa serumu ya unga, ile inayokorogwa kwenye maji ili kurudisha maji mwilini.”

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Buterere kulijaribu tangazo kabla ya kulirekodi. Barabara ilikuwa tope, koti la daktari likabaki ndani ya gari. Mama mmoja alikuwa anapepeta mchele kwenye baraza. Akatukaribisha, tukamsomea, tukamwomba atuambie alichosikia. Alirudia vizuri sana mpaka mwisho, mahali tulipoandika kwamba vyombo vioshwe kwa maji safi.

“Hayo mi ninayo,” akasema, akainua kifuniko cha ndoo. “Ona, hayana hata tope. Ya kisima cha jirani.”

Maji yalikuwa maangavu. Daktari aliyatazama muda mrefu.

“Mama, umeyachemsha?”

“Apana. Nichemshe nini, na ni safi?”

Hakuwa amekosea. Neno “safi” tulilipitisha wote wawili bila kulisimamisha, kwa kuwa lilikuwa dogo na la kila siku. Palepale kwenye baraza nikalifuta, nikaandika “maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, hata kama yanang’aa.” Nikamsomea tena. Akatikisa kichwa kukubali, akamwita binti yake aweke sufuria motoni.

Tangazo lilisomwa msimu mzima. Baadaye muuguzi wa kituo cha afya cha Buterere alitusimulia kuwa watu walifika wakisema, “Nina ile ya maji ya mchele,” tena wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao, chupa ya serumu mkononi. Sijui wangapi, sikuuliza.

Jumamosi moja daktari alinialika kwake Kibenga, tukala ndagala, samaki wadogo, pamoja na mke wake karibu na ziwa. Upepo ulikuwa unapoa. Mke wake akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nilitaka kumwambia mawasiliano ya umma, nikajizuia.

“Nauliza watu wanataka kusema nini,” nikamwambia, “halafu naandika hicho.”

Akaniongezea samaki.