Mzunguko wa Pili kwenye Daftari la Gadi

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya daftari moja. Kila stesheni aliandika saa ya kufika na saa ya kuondoka, kisha pembeni palikuwa na safu ya mwisho: sababu ya kuchelewa. Ng'ombe relini. Maji yameisha. Safu hiyo haikupenda porojo. Mimi nilipenda porojo tangu utotoni, na nadhani ndiyo sababu baadaye chuo kikuu kilinipokea bila taabu.

Mwaka mmoja, miaka ya hamsini inaelekea kwisha, mwalimu wetu wa hesabu alimwandikia baba barua. Alama zangu zilikuwa zimeshuka, na mwalimu alishuku mbio. Baba aliisoma mara mbili kwenye nyumba yetu ya landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, akaikunja.

"Jumamosi nitakuja kuona hizo mbio," akasema. "Nikiona ni mchezo, Jumatatu unaacha. Jioni ni ya vitabu."

Mimi nilikuwa wa kukimbia yadi mia nane na themanini, mizunguko miwili ya uwanja. Mbali na hapo sikuwa na sifa yoyote. Sikujua mpira, sikujua kuimba, na kwa wasichana nilikuwa kama nguzo ya simu. Nikiondolewa mbio, ningebaki na nini?

Alikuja na koti lake la kazi, bendera zimekunjwa kwapani, kwa sababu saa kumi alitakiwa awe stesheni. Alisimama karibu na mstari wa kumalizia, kando ya mama wa mwenzangu mmoja, mwanamke wa kutoka Bahati, nje ya mji, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Siku hiyo upepo ulikuwa unapandisha vumbi la magadi kutoka Ziwa Nakuru, na sisi wakimbiaji, miguu mitupu, tulikuwa tumepakwa weupe hadi magotini.

Bastola ikalia. Nikatoka kama mtu aliyeiba kuku. Mzunguko wa kwanza nilipita mstari nikiwa wa kwanza, mbele ya baba, kifua nje. Mzunguko wa pili sitaki kuusimulia kwa urefu. Watatu walinipita. Nilimaliza wa nne na nikalala kwenye nyasi.

Baba alikuwa tayari anavaa kofia.

"Baba, ngoja! Bado!"

"Bado nini? Nimeona. Wa nne."

"Hii ilikuwa hiti tu." Nikaketi, nikijitahidi kupumua kama mtu mwenye heshima. "Tuko wengi, hatutoshi mstari mmoja. Wanatugawa makundi mawili, kila kundi linakimbia peke yake. Hiyo ndiyo hiti. Wanne wa kwanza wa kila hiti wanaingia fainali saa nane na nusu. Mimi ni wa nne, nimeingia."

"Kwa hiyo hapa hakuna aliyeshinda?"

"Hakuna. Hapa ni kuingia tu. Ndiyo maana nilipunguza mwendo mwishoni, baba. Makusudi. Naweka nguvu."

Mama wa Bahati akacheka. "Ulikuwa unaziweka wapi, mwanangu? Mbona umezilalia?"

Baba hakucheka. Alifungua daftari. Bila mimi kujua, alikuwa ametazama mshale wa sekunde wa saa yake bastola ilipolia, akautazama tena nilipopita mara ya kwanza, na tena nilipomaliza.

"Mzunguko wa kwanza, sekunde sitini na mbili," akasoma. "Wa pili, sabini na tatu. Jumla, dakika mbili na sekunde kumi na tano."

Nilishangaa. "Hizo zinaitwa spliti. Mwalimu wetu wa michezo huzichukua kwa saa ya kusimamisha. Ni wakati wa kila kipande cha mbio, kando na ule wa jumla."

"Jina silijui. Mimi huandika Njoro, halafu Elburgon, halafu Molo. Nikiandika Molo peke yake, nitajuaje ni wapi treni ilikwama?" Akaugonga ukurasa kwa penseli. "Mtu anayepunguza makusudi hapunguzi sekunde kumi na moja. Hukupunguza. Uliishiwa."

Nimekaa na maprofesa wengi tangu siku hiyo, na hakuna aliyewahi kuibomoa hoja yangu kwa namba mbili tu.

"Dereva akitaka kuonekana anapotoka Nakuru," akaendelea, "anamaliza mvuke, na mlima wa Molo bado unamngoja. Umekimbilia macho ya watu. Hiyo ndiyo naita mchezo." Akatazama saa. "Saa nane na nusu nitakuwa hapa. Mzunguko wa kwanza, usipite mstari huu kabla ya sekunde sitini na tano. Ukipita mapema, usinieleze kitu. Jumatatu unaacha."

Kwenye fainali tulikuwa wanane. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kuwaacha watu saba waende. Mwili wangu wote ulitaka kuwafuata. Nilipita mstari, nusu ya mbio, nikiwa wa mwisho, peke yangu, vumbi lao lote ni langu.

"Gadi!" mama wa Bahati alipaza sauti. "Huyu wako amekuja kuhesabu nyasi?"

Uwanja ukacheka. Nilimtupia baba jicho. Hakunitazama. Alikuwa anatazama saa, midomo inahesabu, kisha akaandika.

Kona ya kwanza nikampita mmoja. Upande wa mbali wa uwanja, ukuta wa mlima Menengai uko mbele yangu, nikampita mwingine aliyekuwa akipumua kama nilivyopumua mimi asubuhi. Kona ya mwisho nikampata wa tatu. Wa nne nilimsogelea mpaka nikasikia miguu yake, lakini mstari ukatuwahi.

Mwalimu wa michezo alinijia na saa yake mkononi. "Dakika mbili na tisa!" akasema. "Pasono besti!"

Baba alifika polepole. "Wa tano," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kati ya wanane. Na mwalimu wako anafurahi?"

"Pasono besti ni wakati wako mwenyewe, ule mzuri kuliko nyakati zote ulizowahi kukimbia. Wangu ulikuwa mbili na kumi na moja, wa mwezi uliopita. Leo nimeushinda kwa sekunde mbili."

"Kwa hiyo uliyemshinda ni wewe wa mwezi uliopita."

"Ndiyo."

"Huyo sikumwona hapa."

Mama wa Bahati alijishika mbavu. Mimi nilifumbua kinywa nieleze, kisha nikakumbuka asubuhi, nikakifunga. Baba alikuwa amefungua daftari tena, na macho yake yalikwenda juu na chini ya ukurasa, hiti na fainali, hiti na fainali.

"Sitini na tano," akasema kwa sauti ya chini. "Halafu sitini na nne. Umepanda mlima kwa haraka kuliko ulivyotoka stesheni." Akalifunga daftari. "Mazoezi yaishe saa kumi na mbili. Saa moja uwe mezani na hesabu. Alama zikishuka tena, nitaziandika humu."

Akaenda kazini, bendera kwapani.

Daftari hilo ninalo. Kwenye mstari wa asubuhi ile, katika safu ya sababu ya kuchelewa, ameandika: *haraka*. Kwenye mstari wa alasiri safu iko tupu. Nimeandika kurasa nyingi maishani, na hakuna sifa ninayoionea fahari kama nafasi hiyo aliyoiacha bila neno.