Muhuri wa Mtendaji

Violeth Komba wa Matogoro alipopata barua pepe ya kupewa kazi Mwanza, kwenye maabara ya kiwanda cha chakula cha mifugo, furaha yake ilidumu mpaka alipofikiria nauli. Mwanza si Mbinga, hapo jirani. Kuna basi, kuna mizigo, kuna chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Na kiwandani walitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Amwombe hela mwajiri ambaye hajamfanyia kazi hata siku moja? Aliona haya mpaka masikio yakamuwasha. Akaamua kwamba kama ni kuomba, basi aombe kwa ushahidi.

Huku kwetu ukitafuta msaada, uwe wa matibabu au wa chuo, unaanzia kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji akataka mkuu wa kaya aje mwenyewe. Basi baba yake, Mzee Pankrasi, mwalimu mstaafu, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kusimama mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, mwalimu," mtendaji alisema, macho yakiwa mezani. Akaandika kwamba familia haina uwezo, akagonga muhuri. Mzee akaikunja barua, akampa Violeth bila kumtazama.

Kule steshenari, Azizi, kijana wa kompyuta, aliiskani ile barua, akasita. "Dada, na hii niambatanishe?"

"Ambatanisha."

Mwanzo wa barua pepe yake ulikuwa safi kabisa: alishukuru, akasema kazi anaitaka, akauliza kama kampuni husaidia gharama za kuhama. Angeishia hapo. Lakini Violeth akaendelea na paa linalovuja na mahindi yaliyokauka, mpaka mimi ninayesimulia natamani kumnyang'anya kibodi.

Jibu lilikuja kesho yake, kutoka kwa Nasrin wa rasilimali watu.

"Hongera tena, Violeth. Kila mfanyakazi mpya anayetoka mkoa mwingine tunamlipia nauli, usafiri wa mizigo na malazi ya wiki mbili za kwanza. Tutumie makadirio, na risiti uzitunze. Ukiacha kazi kabla ya mwaka, utazirudisha hizo gharama. Barua ya mtaa haikuhitajika, hivyo hatukuiweka kwenye faili lako."

Kila mfanyakazi. Violeth alisoma hapo, akarudia, akatamani ardhi ipasuke. Swali moja la adabu lingetosha, naye alikuwa amemtoa baba yake nyumbani akatangaze umaskini kwa mwanafunzi wake.

Nyumbani alimkuta mzee anapiga koti brashi.

"Wamejibu?"

"Wamekubali, baba. Watalipia kila kitu."

Mzee akaketi taratibu. Tangu siku ile ya mtendaji alikuwa hajamtazama binti yake usoni, sasa alimtazama.

"Kwa hiyo ile barua imesaidia," alisema. "Basi sikuaibika bure, mwanangu."

Violeth aliinamisha kichwa.

"Hukuaibika bure, baba."