Uzi wa Rafu ya Juu

Gerishon Kihara alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakupoteza kifurushi cha mtu hata kimoja. Hilo aliwaambia watu hata pale ambapo hawakumuuliza. Ungedhani basi kwamba mzee wa namna hiyo, akiachiwa kijiduka cha uzi wa kufumia sweta, chenye rafu tatu na stuli mbili, hawezi kuharibu kitu. Ngoja kwanza.

Duka lilikuwa la mke wake, Wahu. Lilikuwa katikati ya jiji, kwenye ujia wa jengo moja la zamani nyuma ya barabara ya Tom Mboya, na Wahu alikuwa amekaa humo miaka kumi na minane. Wanawake walimjia kutoka Kawangware na Kabiria, wengine kutoka Kileleshwa walikokuwa wakifanya kazi za nyumbani, wote wakimwita Mama Shiku kwa jina la binti yake. Aliwauzia uzi, aliwafumulia palipokosewa, na aliwagombeza wanaovuta uzi kama wanafunga ng'ombe.

Kisha Machi ya mwaka 2006 akapatwa na kiharusi. Ulimi ulimrudia baada ya wiki tatu, lakini mkono wa kulia ulikataa katakata. Tangu siku hiyo duka lilifungwa, na viatu vyake vya kutokea vilikaa chini ya kitanda, nyumbani kwao Uthiru, vikishika vumbi.

"Baba Shiku," alimwambia mumewe mwezi wa Juni, "uza uzi uliobaki, umrudishie mwenye jengo ufunguo mwisho wa mwezi. Mimi nimemaliza." Akageukia ukuta.

Duka lenyewe halikumuuma Gerishon sana. Kusema kweli hakuwahi kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuongea kuhusu uzi kutwa nzima. Alichokiogopa ni ile siku ya baada ya ufunguo kurudishwa. Kama hakuna duka, Wahu angeshuka kitandani kwenda wapi? Alimpenda mno mwanamke yule, na hakuwa amewahi kumwambia, maana watu wa rika lake hawakufundishwa maneno hayo. Aliona njia moja tu: duka lijae wateja tena, kisha amwambie Wahu wanamuulizia.

Shiku alikuwa amempa baba yake simu yake ya zamani. Katika droo ya duka mlikuwa na daftari la Wahu, limeandikwa majina ya wateja na nambari zao za simu. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa na nambari nyingine fupi, 418, 207, 96, ambazo Gerishon alidhani ni za nyumba. Akakaa kwenye stuli, akavaa miwani, akaanza kuandika ujumbe kwa kidole kimoja. Simu ilimhesabia herufi zilizobaki mpaka zikaisha, akalazimika kukata. Alikuwa ameanza na "Mama Shiku anawasalimu sana." Alipoona nafasi haitoshi akaondoa salamu, akabakiza biashara:

"Mteja wetu mpendwa, Jumamosi hii uzi wote utapunguzwa bei kwa asilimia 20 dukani kwa Mama Shiku. Ni kwa wateja wetu wa zamani tu. Karibu. Baba Shiku."

Akautuma kwa watu sitini na mmoja, mmoja mmoja, akinakili kila nambari kutoka kwenye daftari na kuikagua mara mbili. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima na kadi kadhaa za simu za kukwangua.

Ijumaa alipanga duka. Rafu ya chini na ya kati zilikuwa na uzi mpya, pakiti nzimanzima. Rafu ya juu ilikuwa imejaa vibaki vya kila rangi: madonge manne ya rangi ya damu ya mzee, matatu ya samawati, mawili ya kijani, na mengine mengi. Huu umelala, alijisemea, ndio wa kutoka kwanza. Akaushusha wote, akautandaza kwenye meza ya mlangoni.

Jumamosi walikuja, na walikuja kweli. Kila mmoja alitoa simu, akaonyesha ujumbe, na Gerishon akaweka tiki mbele ya jina lake, kama alivyofanya na mizigo. Wengine walimshika mkono kwa mikono miwili wakamwambia pole kwa sauti ya chini. Yeye akashukuru, akidhani ni pole ya ugonjwa. Mama mmoja wa Kabiria, Caren, aliyekuwa na mashine ya kufumia sweta za shule, alichukua madonge yote manne ya damu ya mzee. Kufika saa saba meza ilikuwa tupu. Gerishon alisugua mikono.

Saa tisa akaingia Nasimiyu, msichana wa kazi kutoka Kileleshwa, ameshika mfuko wa plastiki. Akatoa sweta. Mgongo ulikuwa tayari, kifua tayari, na mkono mmoja.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuchukua donge yangu ya mwisho wa mwezi. Na leo kwa sababu ya hiyo discount nitachukua mbili."

"Zipi hizo?"

"Zangu. Zile za juu. Mama Shiku aliniwekea kumi, mimi nachukua moja nikilipwa. Zimebaki nne." Akainua macho kwenye rafu ya juu. "Mzee, ziko wapi?"

Gerishon alichukua donge jingine la damu ya mzee kutoka rafu ya kati, akamwekea juu ya sweta. Nasimiyu alilisogeza mlangoni kwenye mwanga, na hapo hata karani wa reli aliona. Jipya lilikuwa limeelekea wekundu; sweta ilikuwa na weusi kidogo ndani yake. Mkono mmoja wa sweta ungekuwa wa mtu mwingine.

"Hii ni loti ingine," Nasimiyu akasema, akionyesha nambari kwenye karatasi iliyofunga donge. "Yangu ni 418. Kiwandani wakipika rangi siku ingine haiwezi toka sawa. Ndiyo maana Mama hutuwekea. Hii ni ya mamangu huko Webuye, mzee, nimeanza Septemba mwaka jana." Akafuta macho kwa sweta ileile.

418. Gerishon alifungua daftari. Nasimiyu, nambari ya simu, 418. Nambari zile hazikuwa za nyumba hata kidogo. Alikuwa amevifungua vifurushi vya watu na kuvigawa mlangoni kwa punguzo. Miaka thelathini na mmoja ya kujisifu, na siku moja ya kuuza uzi imeimaliza.

"Rudi Alhamisi," alimwambia, na hakujua angefanya nini Alhamisi.

Nyumbani alimkuta Wahu ameketi kitandani akitazama dirisha. Alikuwa amepanga kumwambia kwamba watu walijaa. Badala yake akamwambia yote: ujumbe, rafu, msichana wa Webuye. Alisema akiangalia sakafu, na alipomaliza aliongeza, "Nilitaka wakuulizie. Nilitaka upate sababu ya kuamka. Sasa nimekuharibia jina."

Wahu alisema, polepole, kwa kuwa ulimi bado ulikuwa mzito, "Rafu ya juu."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na nane, Baba Shiku, hakuna mtu amewahi gusa hiyo rafu! Hata Shiku! Hata wewe ulikuwa ukija kuniletea chai unaiogopa!"

"Sikuwa naiogopa, nilikuwa siioni."

"Ndiyo shida yako!" Alikuwa anapaza sauti. Tangu Machi hakuwa amepaza sauti. Mashavu yalimwiva kwa hasira, na Gerishon, Mungu amsamehe, alifurahi moyoni jinsi mke wake alivyokuwa akimfokea. "Lete simu. Uliandika nini? Nisomee."

Akamsomea. Wahu akafumba macho.

"Hakuna salamu. Jina ni lako. Uzi wote unatoka. Baba Shiku, hawa watu wanafikiri nimekufa."

Ndipo Gerishon alipoelewa zile pole za mikono miwili.

"Andika," Wahu akamwamuru. "Anza na mimi. Na hii utume kwa wale wa tiki peke yao."

Ujumbe wa pili ulikwenda Jumapili baada ya kanisa, kwa watu ishirini na watatu: "Salamu. Ni mimi Mama Shiku, niko hai. Uzi wa meza ya mlangoni una wenyewe. Tafadhali urudishe Jumatano, nitakupa mwingine kwa bei ileile ya punguzo. Nitakuwepo."

"Utakuwepo?" Gerishon aliuliza, kidole kikiwa kwenye kitufe.

"Wewe utajua ni wa nani?"

Jumatano asubuhi Gerishon alipiga magoti, akavuta viatu kutoka chini ya kitanda, akavipangusa vumbi na kumvalisha. Alihangaika na kamba kuliko alivyohangaika na herufi za simu. Wahu alimtazama utosini, palipokuwa na mvi zaidi kuliko alivyokumbuka, akamwekea mkono wake mzima pale na kuuacha kidogo.

Dukani, wateja waliporudisha uzi, wengi hawakuulizia bei hata kidogo. Waliingia wakapiga kelele, wakamkumbatia, wengine wakalia kwanza kisha wakamlaumu Gerishon. Wahu alikaa kwenye stuli karibu na mlango, akapokea kila donge kwa mkono wa kushoto, akalielekeza kwenye mwanga, akasema jina la mwenyewe kabla hajasoma nambari. Hakukosea hata moja. Caren alikuja wa mwisho na madonge matatu na kipande cha sweta cha vidole vinne.

"Moja nilikuwa nishaanza," alisema. "Pole, Mama."

"Fumua hapa nikiona."

Caren akafumua, Gerishon akanyoosha mikono yake miwili, uzi ukazungushwa juu yake kama ulivyotoka kwenye mashine, umejikunja.

Alhamisi alasiri Nasimiyu alisimama mlangoni, akaogopa kuingia. Wahu hakumsalimia. Aliinua uso tu akaelekeza kidevu kwenye rafu ya juu, ambapo madonge manne ya damu ya mzee yalikuwa yamekaa, moja likiwa limefungwa kwa mkono ovyo.

"Moja leo, ama mbili?"

"Mbili, Mama," akasema Nasimiyu, kisha akaangua kilio kile alichokuwa amekizuia tangu Jumamosi.

"Lete hiyo sweta nione. Unavuta sana hapa kwa bega. Nani alikufundisha hivi?"

"Ni wewe, Mama."

Walicheka wote watatu. Jioni Gerishon alifunga duka, akasimama na ufunguo mkononi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja. Hakutaka kuuliza, maana hakujua angelibeba vipi jibu kama lingekuwa lilelile.

Wahu alinyoosha mkono wa kushoto, akauchukua ufunguo, akautumbukiza ndani ya mkoba wake.

"Kesho," akasema, "kamba za viatu uzifunge vizuri. Leo zimenifunguka mara mbili."